Kuhakiki jibu la inekwasio

«5 − 2x < 11, nimepata x < −3. Nimeweka −3, pande zote zikatoa 11. Kwa nini prof amekata?»

Dada, −3 ni mpaka sahihi, ila umeelekea upande usio wake. Pande zikilingana, unajua mpaka tu, upande bado. Chukua −4, iliyo ndani ya jibu lako: 5 + 8 ni 13, na 13 haiko chini ya 11. Sasa 0, uliyoiacha nje: 5 < 11, kweli. Basi ni x > −3. Ulipogawa kwa −2 ulisahau kugeuza alama. Mimi pia nilipoteza pointi hapohapo kwenye entero iliyopita.

Yule wa benchi ya nyuma anasema kujaribu 0 peke yake kunatosha. Si kweli kabisa: ungeandika x > −5, 0 ingepita vilevile. Jaribu mpaka, kisha namba moja kila upande, na uziweke kwenye inekwasio ya kwanza, si kwenye mstari wa katikati ambao huenda tayari una kosa.

Zenye x² zina mipaka miwili mara nyingi, hapo jaribu kila kipande.