Meseji za pamoja kwa wateja wa bucha

"Nina bucha Morogoro na namba za wateja 300. Nikiwatumia meseji kwa jina la bucha, itanigharimu kiasi gani?"

Ndugu, angalia kwanza alama ya ' kwenye "ng'ombe". Meseji moja ni herufi 160, lakini baadhi ya simu huandika alama hiyo ikiwa imepinda (’), na hapo kipimo hushuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande zikiunganishwa. Ujumbe wa herufi 158 unakuwa meseji tatu. Tuseme moja ni shilingi 20: badala ya 6,000 unakatwa 18,000. Andika alama iliyonyooka, acha emoji, kisha tazama idadi ya vipande kabla ya kutuma.

Jina husajiliwa kupitia anayekuuzia meseji, lisizidi herufi 11. "NYAMA SAFI" linaenea. Mteja hawezi kulijibu jina, kwa hiyo "jibu ACHA" haitafanya kazi. Weka namba yako ya kujitoa, na ukiombwa, mfute siku hiyohiyo.

Namba uliyoipata mtu alipolipia nyama kwa simu si ruhusa ya kumtumia matangazo. Muulize kaunta, uandike tarehe aliyokubali.