Mdai au mlalamikaji?

"Natafsiri hati ya madai na utetezi wa mdaiwa wa pili, kesi ya ardhi, Kiingereza kwenda Kiswahili. Mlalamikaji, mshtaki, mdai: nitumie lipi?"

Ndugu, kwa kesi ya madai andika mdai na mdaiwa. Mshtakiwa mwachie jinai, maana msomaji atadhani kuna kosa la kwenda jela. Ukishaandika "Mdaiwa wa Pili" kwenye kichwa cha shauri, abaki hivyo hadi sahihi ya mwisho, katika hati zote mbili. Usimgeuze "mtetezi" kwa sababu tu hati ni yake. Akileta madai kinzani, mwongeze cheo humo tu: "Mdaiwa wa Pili (Mdai katika madai kinzani)".

Penye hatari zaidi ni fomula za utetezi. Mimi huandika tatu pembeni kabla ya kuanza: "yanakubaliwa", "yanakanushwa", "yanatambuliwa". Tuseme utetezi unasema yaliyomo aya ya 4, kwamba mdai alinunua kiwanja, yanatambuliwa tu. Ukiandika "yanakubaliwa", umemkubalisha mteja umiliki, na mdai hana tena haja ya kuuthibitisha. Kwa Tanzania, Amri ya VIII kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai huhesabu dai lisilokanushwa mahsusi kuwa limekubaliwa, kwa hiyo hata utetezi ukiwa dhaifu, usiuimarishe wewe. Wakili ndiye aulizwe.

Ukimaliza, tafuta "mlalamik" kwenye faili. Huwa linajificha kwenye aya ya nafuu zinazoombwa.