Lebo za asali: niliuza kwanza, nikajifunza baadaye

Mdogo wangu unayetaka kujifunza kudizaini lebo ili upate wateja hapa Tabora, nakuomba ungoje wiki mbili kabla hujalipia kozi. Wiki hizo zitumie kutafuta mtu wa kukupa pesa kwa kazi ambayo bado huijui. Najua inasikika kama utapeli. Si utapeli ukiifanya kwa uwazi, na nitakueleza namna.

Nayasema haya kwa sababu kabla ya lebo nilikaa miezi mitano nikijifunza kutengeneza tovuti. Nilipomaliza nikazunguka kutoka stendi mpaka Ng'ambo, nikakuta wenye maduka wanauza kwa simu na hakuna aliyeona tovuti itamwongezea nini. Kila mmoja alinipongeza. Hakuna aliyelipa.

Wazo la lebo lilinijia sokoni. Asali yetu inatoka Sikonge, Urambo na Uyui, inafika mjini kwenye madumu, halafu wauzaji wadogo wanaijaza kwenye chupa. Chupa nyingi zilikuwa tupu ubavuni, au zina karatasi nyeupe iliyochapishwa kwenye duka la steshenari na kubandikwa kwa gundi. Nikajiambia hawa wanahitaji lebo nzuri. Lakini mtu kuhitaji kitu ni jambo moja, na kukitolea pesa ni jambo jingine, kwa hiyo safari hii sikufungua kompyuta. Nilimpigia jamaa yangu wa Mwanza ambaye ni dizaina, tukakubaliana: nikipata mteja, yeye anadizaini kwa shilingi 20,000, mimi nashughulika na mteja. Halafu nikaandika kwenye daftari, kabla sijatoka nyumbani: watu 18, siku kumi; wakilipa kianzio wanne, naanza kujifunza; wakiwa chini ya wawili, naacha. Andika na wewe mapema. Ukisubiri majibu ndipo upange kiwango, utajihurumia na kuhesabu hata "njoo wiki ijayo" kuwa mteja.

Ndugu, marafiki na watu wa kanisani au msikitini kwako usiwahesabu. Hao wanakulipa wewe, hawalipii lebo.

Kwa watu tisa wa kwanza nilisema: nakudizainia lebo kwa 30,000, kianzio 15,000. Wanane walisema wazo zuri, mmoja tu akalipa. Ningekuwa nimeuliza "je, ungependa lebo nzuri?" ningerudi nyumbani na ndiyo tisa. Badala yake nilikuwa namuuliza kila mtu swali moja kuhusu jambo ambalo ameshalifanya: "Lebo hii uliyonayo uliipataje, na ulitoa shilingi ngapi?"

Mama mmoja anayeuza asali ya nyuki wadogo ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda, nikamuuliza swali langu. Akachukua chupa, akapitisha kidole chenye asali juu ya lebo. Wino ukachuruzika. "Mwanangu, picha ninayo, mwanangu wa kwanza alinitengenezea kwenye simu. Shida yangu ni hii. Nikiuliza Dar wanataka nichapishe elfu moja. Mimi hizo chupa elfu moja nitazijaza lini?"

Basi dizaini haikuwa kilio chao. Kilio kilikuwa lebo chache zisizoloana. Nikarudi mjini nikatafuta anayechapisha stika ya plastiki kwenye karatasi ya A3. Lebo ya sentimita 8.5 kwa 12.5 zinakaa tisa kwenye A3 moja, kwa hiyo karatasi 12 zinatoa lebo 108. Yeye alinitoza 2,500 kwa karatasi, jumla 30,000. Nikaipaka moja asali, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, wino ukabaki.

Kwa watu tisa waliobaki nikabadilisha maneno: lebo 108 zisizoloana, dizaini ikiwa ndani yake, 65,000, kianzio 30,000. Wanne walilipa palepale kwa simu. Watu ni wa aina ileile, soko ni lilelile, na bei imezidi mara mbili, lakini kilichouzwa sasa ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Kuhusu uwazi, maneno yangu yalikuwa haya, yachukue kama yalivyo: "Anayedizaini ni mwenzangu, mimi nasimamia na kukuletea. Zisipofika ndani ya siku saba, narudisha kianzio chote." Kianzio chao nilikiweka kando, sikukigusa kwa chakula. Ukikosa namna ya kurudisha, hujaruhusiwa kupokea.

Hesabu ya agizo la kwanza ni nyembamba. Toa 30,000 ya kuchapisha na 20,000 ya dizaina, inabaki 15,000, na humo bado kuna bodaboda na kukata. Usiogope hilo wakati wa kupima, maana unanunua jibu. Jambo la kuogopa ni kupunguza bei ili watu wakubali. Ningeuza kwa 35,000 wangelipa wengi, na nisingejua chochote kuhusu kazi ninayoweza kuishi nayo.

Kipimo cha pili ndicho wengi hawakifikii: je, wanarudi? Dizaini mtu anainunua mara moja, akishaipata hakuhitaji tena, na wauzaji wa asali mji huu wanahesabika. Kuchapisha kunarudi kila chupa zinapoisha. Agizo la marudio niliweka 45,000, halina dizaina, linabakiza 15,000 kama lile la kwanza kwa kazi ndogo zaidi. Ndani ya miezi miwili wawili kati ya wale wanne walirudi. Angalia pia majira: mimi nilipima baada ya watu kurina, asali ipo na pesa inazunguka. Ukipima wakati madumu yamekauka, "hapana" ya mteja inaweza kuwa ya mfuko wake, si ya kazi yako.

Ndipo nikaanza kujifunza, na maagizo yenyewe yalikuwa yameshaniambia nijifunze nini. Sikuhitaji kuchora wala kubuni nembo. Nilihitaji kupanga maandishi kwenye Inkscape, programu ya kudizaini ambayo ni ya bure, kuacha milimita tatu za ziada kila upande ili mkasi usikate rangi vibaya, na kujua kinachotakiwa kuandikwa: jina la bidhaa, uzito, anayezalisha na mahali alipo, namba ya toleo, tarehe ya kufungasha na ya mwisho wa matumizi. Wiki tatu zilitosha.

Hapo kwenye uzito nusura tuharibu kazi. Mteja mmoja aliniagiza niandike "gramu 500" kwa kuwa chupa yake ni ya nusu lita. Jamaa wa Mwanza akaandika hivyohivyo. Mimi nikaiweka chupa kwenye mizani ya duka la jirani, nikatoa uzito wa chupa tupu, nikakuta karibu gramu 700, maana asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Yule baba alikuwa anauza gramu 200 za bure kwenye kila chupa, kwa bei aliyoipanga kwa kulinganisha na gramu 500 za watu wengine. Tulirekebisha kabla ya kuchapisha. Siku hizi naenda kwa mteja na mizani ndogo ya jikoni, napima chupa yake mbele yake kabla hatujazungumza rangi.