Maswali na majibu: mkataba una watu watatu, nani anadaiwa nini?

Tumekodi fremu moja watu watatu. Mkataba unasema: "Wapangaji kila mmoja atalipa kodi ya shilingi 600,000 kwa mwezi." Tulielewana 600,000 kwa fremu nzima, sasa mwenye fremu anataka 1,800,000. Ana haki?

Kwa maandishi hayo, hoja yake ina mashiko. Ukiandika "kila mmoja" umezidisha kiasi kwa idadi ya vichwa, na mahakama huwa nzito kupokea maelezo ya mdomo yanayopingana na kilichosainiwa. Kama mmeshalipa miezi kadhaa kwa 600,000 na risiti zipo, zitunzeni vizuri, kwa sababu zinaonyesha mwenye fremu mwenyewe alivyouelewa mkataba. Kisha ombeni nyongeza ya mkataba iseme: "Wapangaji watalipa kodi ya jumla ya shilingi 600,000 kwa mwezi kwa fremu nzima." Neno "jumla" ndilo lililokosekana.

Nafanya kazi ya kuchapa mikataba. Mteja kaleta kifungu cha kuuza kiwanja: "Muuzaji wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu watapokea shilingi 12,000,000 na 8,000,000 mtawalia." Nichape hivyo hivyo?

Mrudishie kwanza. "Mtawalia" huunganisha orodha mbili zenye urefu sawa: wa kwanza na cha kwanza, wa pili na cha pili. Hapo una watu watatu na viwango viwili, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyeongezwa baadaye huku orodha ya fedha ikiachwa ilivyokuwa. Tazama bei ya kiwanja chote. Ikiwa ni 26,000,000, yawezekana 6,000,000 zilizobaki ni za Muuzaji wa Tatu, lakini huo ni ubashiri wako. Sahihisho litoke kwa wahusika wenyewe.

Idadi ikilingana bado kuna mtego wa mpangilio. Majina yakiwa yamepangwa kwa alfabeti kwenye ukurasa wa kwanza na kwa umri kwenye kifungu cha malipo, fedha za mmoja zinaweza kuangukia kwa mwingine bila kosa lolote la hesabu. Mimi "mtawalia" siipendi penye fedha. Naweka jedwali, jina na kiasi mstari mmoja. Na mkataba ukishapata mtu wa tatu, tafuta "pande zote mbili" na "upande mwingine" kila zilipo. Maneno hayo hayajirekebishi.

Tulimdhamini jamaa yetu watu wanne kwa mkopo wa milioni 12. Fomu inasema tunawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Jamaa kashindwa kulipa, na mkopeshaji ananidai mimi tu, deni lote. Si nilipe robo yangu tu?

Hapana. Kwa maneno hayo mkopeshaji anaweza kumchagua mmoja wenu, na kwa kawaida humchagua mwenye mshahara. Asichoweza ni kukusanya zaidi ya anachodai kwa jumla.

Ukilipa zote, una haki ya kumdai mkopaji fedha zako. Akiwa hana, unawageukia wadhamini wenzako. Bila makubaliano mengine mnabeba sawa, milioni 3 kila mtu. Mmoja akifilisika, milioni 3 zake mnagawana watatu mliobaki, kwa hiyo kila mmoja anafikia milioni 4.

Wengi hudhani wakifuta "kila mmoja peke yake" na kubakiza "kwa pamoja" wamepona. Kwa Tanzania si hivyo: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, walioahidi kwa pamoja wanaweza kudaiwa yote kupitia mmoja wao, isipokuwa mkataba useme waziwazi vinginevyo. Anayetaka robo aandikiwe robo: "Kila mdhamini atawajibika kwa kiasi kisichozidi shilingi 3,000,000."

Mkataba wetu wa ujenzi una mjenzi na fundi umeme. Kifungu cha 4 kinaorodhesha kazi za kila mmoja, cha 5 kinasema "watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa majukumu yote ya kifungu cha 4". Mimi ndiye fundi umeme. Kuna shida?

Kubwa. Msingi ukipasuka, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe uliyevuta nyaya tu. Kifungu cha 4 kimegawa kazi, cha 5 kimezirudisha zote kwenye kapu moja. Kabla ya kusaini, pitia orodha jukumu kwa jukumu na uulize nani angedaiwa likiharibika. Jukumu lenu nyote, kama kusafisha eneo baada ya kazi, linaweza kubaki la pamoja. Mengine yaandikwe hivi: "Mjenzi atawajibika kwa kazi za 4.1 pekee, na Fundi Umeme kwa kazi za 4.2 pekee."