Kabla ya kuilaumu kahawa, angalia maji yako

Dada yangu anaishi Nairobi, mimi naishi Dodoma, na kahawa tunayokunywa ni moja: arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani, mfuko mmoja tunaugawana. Kwake inatoka na uchachu mwepesi wa matunda, na harufu inakufikia kabla hujashika kikombe. Kwangu, nikiipika kwa maji ya kisima cha mtaani, inatoka imepooza. Rangi ipo, uchungu upo, lakini ule uchachu umekufa, na mwishoni inabaki ladha ya chaki nyuma ya ulimi. Kwa kuwa kahawa ni ileile, kipimo ni kilekile na tunasaga sawa, kilichobaki ni maji. Na kikombe cha kahawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 98.

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba maji magumu ni yale yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi. Ni kweli, na kinachozuia povu ni kalisi na magnesi. Lakini kwenye kahawa madini hayo mawili si adui. Yanasaidia kuitoa ladha kwenye unga, na maji yasiyo nayo kabisa hutoa kahawa nyepesi yenye uchachu mkali usio na mwili. Kinachoua ladha ni mwenzao anayesafiri nao, yaani bikabonati. Huyu kazi yake ni kuzima asidi, na uchachu mzuri wa arabika unatokana na asidi. Bikabonati ikizidi, asidi inazimwa ndani ya kikombe kabla hujaionja.

Unaweza kulishuhudia jambo hili jikoni leo. Pika kahawa yako ya kawaida kwa maji ya chupa, igawe kwenye vikombe viwili, kisha kwenye kimoja tia magadi soda kidogo sana, chembe zinazobaki kwenye ncha ya kisu. Koroga, onja vyote viwili. Kile chenye magadi uchachu wake utakuwa umeshuka au umetoweka kabisa, na ukizidisha kidogo utasikia ladha ya sabuni. Magadi soda ni bikabonati ya sodiamu. Maji mengi ya visima vyetu yana bikabonati tayari, kwa hiyo ni sawa na kupika kahawa iliyokwisha kutiwa magadi.

Ndiyo maana sabuni peke yake haitoshi kukupa jibu. Sehemu za Arusha na Bonde la Ufa kuna maji ya ardhini yenye bikabonati nyingi ya sodiamu na kalisi kidogo. Sabuni inatoa povu vizuri tu, birika halishiki chokaa, na bado kahawa inapooza. (Maji ya ukanda huo mara nyingi yana floraidi nyingi pia, na floraidi haitoki kwa kuchemsha, kwa hiyo huko sababu za kutafuta maji mengine si kahawa tu.)

Kipimo rahisi ninachokipendekeza ni zile karatasi za kuchovya zinazouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea au matangi ya samaki. Unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi. Tafuta zenye sehemu mbili, moja ya ugumu na nyingine ya alkali, kwa sababu ile ya alkali ndiyo inayokuonyesha bikabonati. Kwa kahawa, alkali ikiwa kati ya miligramu 40 na 70 kwa lita, uko mahali pazuri. Vile vifaa vidogo vya umeme vinavyoonyesha namba moja ya jumla ya madini vina matumizi yake, lakini haviwezi kukuambia kama madini hayo ni bikabonati, kalisi au chumvi ya kawaida, na hilo ndilo unalotaka kujua.

Sasa nikueleze ninavyofanya mimi. Maji ya kisima chetu yanasoma alkali ya takriban 240. Ninayachemsha usiku, nayaacha yatokote kwa dakika tano hivi sufuria ikiwa wazi, kisha nayafunika na kuyaacha hadi asubuhi. Kuchemsha kunavunja bikabonati iliyoshikana na kalisi: hewa inatoka, na chokaa nyeupe inashuka chini. Asubuhi chini ya sufuria pana vumbi jeupe, na juu mara nyingine pana utando mwembamba unaometameta. Nautoa utando kwa kijiko, halafu namimina maji ya juu taratibu na kuacha vidole viwili vya chini pamoja na vumbi lake. Ukitikisa sufuria, au ukimimina hadi tone la mwisho, kazi yote imepotea.

Maji hayo nikiyapima yanasoma kama 120, yaani karibu nusu ya bikabonati imeondoka. Iliyobaki haiondoki kwa kuchemsha zaidi, na ukiendelea kuchemsha unapunguza maji tu na kuyafanya madini mengine yakolee. Hapo nachanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini kidogo sana, napata takriban 60. Chupa ya lita moja na nusu inanitosha kwa lita tatu za maji ya kahawa, na kwa mtu mmoja hizo ni siku nyingi.

Kama huna karatasi za kupimia, soma lebo ya chupa dukani. Maji mengi ya chupa huandikwa madini yake, na bikabonati ikiwa kati ya miligramu 50 na 85 kwa lita, chupa hiyo inafaa kupikia kahawa bila kuchanganya chochote. Namba hizi ni kubwa kuliko zile za karatasi kwa sababu karatasi huhesabu alkali kama chokaa, lakini maana yake ni ileile. Ikiwa ni chini ya 20, ni maji yaliyochujwa sana, na yakitumika peke yake yatakupa kahawa kali ya uchachu. Hayo ndiyo ya kuchanganya na ya kisima. Maji ya mvua ni hivyo hivyo: hayana madini karibu kabisa, kwa hiyo yanazimua maji magumu vizuri sana. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, yachemshe. Anza na sehemu moja ya kisima kwa tatu za mvua, onja, kisha ongeza au punguza.

Kuchemsha nako kuna mpaka wake. Ukichemsha na vumbi jeupe halionekani kabisa, basi kuchemsha hakutakusaidia. Na maji yenye chumvi unayoisikia mdomoni, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam na vya pwani, hayapotezi chumvi yake kwa moto. Hayo usihangaike nayo kwa kahawa, tumia mengine.

Tukija kwenye joto, kosa ninaloliona nyumba nyingi ni chupa ya chai. Maji yanachemshwa alfajiri, yanamiminwa kwenye chupa, na saa nne mtu anapika kahawa ya kusaga kwa maji hayo. Kwa kahawa ya kuyeyuka haina shida. Kwa kahawa ya kusaga, maji yaliyoshuka hadi nyuzi 80 au chini yake yanatoa asidi mapema na kuacha nyuma utamu na ule uzito wa kinywani, kwa sababu hivyo vinahitaji joto zaidi na muda zaidi. Matokeo ni kahawa nyepesi yenye uchachu, na mtu anaongeza unga akidhani amepunja.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96 za sentigredi. Hapa mahali unapoishi pana neno la kusema, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo maji yanavyochemka mapema, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Dar, Zanzibar na Mombasa yanachemka kwa 100. Dodoma ni karibu 96. Nairobi na Mbeya ni karibu 94. Maana yake dada yangu anaweza kumimina maji yakiwa bado yanatokota na asiunguze chochote, na akisubiri dakika mbili tatu, anajiharibia. Mtu wa pwani ndiye mwenye nafasi ya kusubiri.

Kama huna kipimajoto na uko pwani, changanya: vikombe tisa vya maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji ya kawaida yenye nyuzi 25 vinakupa takriban 92. Hesabu hiyo ni ya kuaminika kuliko kukisia dakika, kwa sababu birika la bati na la plastiki hayapoi sawa. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi na kung'aa mafuta naipikia chini kidogo, 88 hadi 90, maana uchungu wake unatoka haraka. Iliyokaangwa kidogo haipungukiwi na kitu hata kwa maji ya moto kabisa.

Halafu kuna chombo chenyewe. Jagi la glasi au la udongo lililokaa kabatini usiku kucha, hasa msimu wa baridi wa Juni na Julai, linanyonya joto nyingi mara tu maji yanapoligusa. Mimina maji ya moto ndani yake, zungusha, mwaga, ndipo utie unga. Kwa kipimo, gramu 15 za unga kwa mililita 250 za maji, dakika nne, kisha chuja. Nimewaona watu wakinunua mashine ya kusagia ya bei kubwa huku wakipikia kwenye jagi baridi, na inanisikitisha kwa sababu dawa yake haina gharama.

Haya yote ni kwa kahawa ya kumiminiwa maji au ya kuloweka. Kahawa chungu ya pwani, ile ya kwenye dele juu ya mkaa, inachemshwa makusudi na kahawa yake imekaangwa hadi kuwa nyeusi, kwa hiyo asidi iliyobaki ya kuzimwa na bikabonati ni kidogo, na hizi nyuzi za joto haziihusu.

Ukitaka kujua kipi kinakusumbua kwako, anza na joto, kwa kuwa hakuna cha kununua. Pasha jagi, tumia maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, onja. Kahawa iliyokuwa na uchachu mkali ikitulia, tatizo lilikuwa joto. Ikibaki imepooza na yenye chaki, pika vikombe viwili kwa wakati mmoja, kimoja kwa maji yako na kingine kwa maji ya chupa ya lebo niliyoitaja, na uvionje vikiwa vuguvugu, maana kahawa ya moto sana inaficha kasoro.

Na birika lililokwisha kushika chokaa, lijaze maji nusu, kamulia ndimu mbili tatu au tia siki, chemsha, liache nusu saa. Chokaa itayeyuka huku ikitoa mapovu. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja na uyamwage pia, la sivyo kahawa ya kwanza itanukia siki.