Mvua "itanyesha" au "hunyesha"?

Swali: Mwalimu, natafsiri zoezi la mnyororo wa Markov, ambamo hali ya kesho hutegemea ya leo tu. Siku ya jua hufuatwa na mvua kwa uwezekano wa 0.2, na siku ya mvua hufuatwa na jua kwa uwezekano wa 0.4. Jibu ni kwamba siku za mvua ni 1/3 ya siku zote. Nimeandika: "Mwishowe hali ya hewa itatulia, na mvua itanyesha kila siku ya tatu." Mwenzangu anayefundisha hisabati ameikataa sentensi yote. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu iko sawa. Maneno yaliyoteleza ni "mwishowe", "itatulia", "kila siku ya tatu" na hata "itanyesha", na ili tuone yameteleza vipi inabidi turudi kwenye ile 1/3 tuulize imetoka wapi.

Tuseme J ni sehemu ya siku za jua na M ni sehemu ya siku za mvua. Hesabu siku nyingi mfululizo, uandike kila mara jua lilipogeuka mvua na kila mara mvua ilipogeuka jua. Idadi hizo mbili haziwezi kupishana kwa zaidi ya 1, kwa sababu huwezi kuingia kwenye mvua mara ya pili kabla hujatoka ile ya kwanza. Kwa hiyo wanaoingia na wanaotoka wanalingana:

```
J × 0.2 = M × 0.4
J + M = 1
```

Mstari wa kwanza mimi huuita mlinganyo wa mizani, kwa kuwa pande zake mbili zinapimana kweli. Unatupa J = 2M, na mstari wa pili unatupa 3M = 1. Usiuache huo wa pili. Wengi huandika mlinganyo wa jua, kisha mlinganyo wa mvua, halafu wanashangaa vinafutana. Ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili, na peke yake hutoa uwiano tu.

Sasa angalia: mizani hii haikusema kwamba mabadiliko yamekoma. Imesema yanaendelea kwa kasi sawa pande zote mbili. Ukiandika "hali ya hewa itatulia", msomaji ataona anga iliyoacha kubadilika. Kinachotulia ni uwezekano. Ikiwa leo mvua inanyesha, uwezekano wa mvua kesho ni 0.6, keshokutwa 0.44, mtondo 0.376. Ikiwa leo ni jua, ni 0.2, kisha 0.28, kisha 0.312. Safu zote mbili zinasogea kuelekea 0.333, na pengo kati yao kila siku hubaki 0.4 ya lilivyokuwa jana. Kwa hiyo andika "uwezekano wa mvua hutulia kwenye 1/3".

"Mwishowe" ni "mwisho wake", na mnyororo huu hauna mwisho. "Kwa muda mrefu" inatosha, na mgawanyo wenyewe wa J na M uite "mgawanyo wa muda mrefu".

"Kila siku ya tatu" ndilo kosa zito zaidi, maana linaahidi ratiba: jua, jua, mvua, jua, jua, mvua. Mnyororo wako hauendi hivyo. Mvua ikishaanza, hudumu kwa wastani siku 1 ÷ 0.4, yaani 2.5, na jua hudumu kwa wastani siku 1 ÷ 0.2, yaani 5. Mvua huja kwa mafungu, na uwiano wa 2.5 kwa 5 ndio uleule wa 1 kwa 2. "Siku 1 kati ya 3" inabeba uwiano bila kupanga siku.

Limebaki "itanyesha". Kiambishi -ta- kinaelekeza kwenye tukio litakalokuja, na kesho ya mnyororo inategemea leo. Lakini hu- hakifungwi na wakati wala hakibebi nafsi. Kinasema jambo lilivyo kwa kawaida, na hicho ndicho M inachopima. Napenda sana kwamba Kiswahili kina kiambishi kilicho tayari kwa kazi hii. Basi: "Kwa muda mrefu, mvua hunyesha siku 1 kati ya 3."

Ukitaka kupima uimara wa sentensi hiyo, weka 1 mahali pa 0.2 na pa 0.4. Jua na mvua zitapokezana kila siku bila kukosea, na mizani itatoa 1/2. Hapo "uwezekano wa mvua hutulia" ni uongo, kwa sababu ukijua ya leo unajua ya siku yoyote ijayo. Lakini "mvua hunyesha siku 1 kati ya 2" inabaki kweli.