Barua Yangu ya Kwanza kwa Chifu Ilikaa Wiki Sita Mezani

Juzi msomaji mmoja wa Kakamega, mhudumu wa afya ya jamii kama mimi, aliniandikia. Amempelekea chifu wake barua ya kuomba uwanja wa mazoezi ya kila wiki, mwezi umekatika, na kila akienda ofisini anaambiwa arudi wiki ijayo. Anauliza amekosea wapi. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mimi hilo la "rudi wiki ijayo" nililisikia mara sita.

Niko Nakuru. Nyumba ninazozungukia ni kama mia moja, mkoba wangu una kipima presha na kipima sukari, na majirani huniita daktari hata nikiwakataza. Kila mwezi nakutana na kina mama walioambiwa kliniki wafanye mazoezi. Wayafanyie wapi? Ploti zetu ni vyumba kumi vinavyotazamana na katikati kamba za nguo. Barabarani ni bodaboda, na kiangazi kikishika Januari, vumbi la Nakuru halikuachi uvute pumzi mbili.

Basi nikaandika barua. Kurasa mbili! Nilieleza presha ni nini, sukari ni nini, hata nikaahidi kwamba mazoezi yatawatoa watu kwenye dawa, jambo ambalo sikuwa na haki ya kuahidi. Ombi lenyewe lilikuja mwishoni, mstari mmoja: "tunaomba utusaidie na mahali pa kufanyia mazoezi." Mahali gani, siku gani, watu wangapi, sikusema. Moyoni nilikuwa nautaka uwanja wa shule ya msingi.

Kumbe chifu hawezi kunipa uwanja wa shule. Huo uko mikononi mwa mwalimu mkuu na bodi ya shule. Viwanja na bustani za umma ni za kaunti, na huko mlango wa kwanza ni msimamizi wa wadi. Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa. Alicho nacho ni kiwanja cha mbele ya ofisi yake, pale tunapokalia baraza. Nilimwomba mtu kitu kisicho chake, na yeye badala ya kuniambia hivyo akaiacha barua ilale. Hilo bado linaniuma kidogo. Neno moja tu lingeniokolea wiki sita.

Lakini kosa langu kubwa si hilo, na sijawahi kuliandika popote. Ili barua iwe na uzito, niliambatanisha orodha ya watu ishirini na sita: jina, nambari ya simu, na mbele ya kila jina "presha" au "sukari." Orodha ile ilikaa juu ya meza ya mapokezi, wazi, na kila aliyekuja kutafuta barua ya kitambulisho akaisoma. Siku moja jirani yangu alisimama langoni kwangu, hakukubali kuingia, akaniambia, "Daktari, umeniuza." Hakuwa amewaambia hata watoto wake kwamba ana sukari.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za ugonjwa wa mtu zimo ndani yake. Ila sikuhitaji sheria kujua nimekosa. Nilirudi ofisini siku hiyohiyo nikaichukua orodha.

Barua ya pili niliiandika baada ya kuketi na afisa wa afya ya jamii anayetusimamia. Haikufika ukurasa mmoja. Nimeondoa majina, mengine ni kama yalivyokuwa:

"Kwa Chifu,

KUH: OMBI LA KUTUMIA KIWANJA CHA BARAZA JUMAMOSI ASUBUHI

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako. Naomba ruhusa ya kutumia sehemu ya kiwanja iliyo upande wa mti wa mkuyu kwa mazoezi mepesi, kila Jumamosi, saa moja hadi saa mbili kasorobo asubuhi, kwa wiki nane za majaribio. Tunatarajia watu wasiozidi arobaini.

Hatutatumia vipaza sauti. Hakutakuwa na mchango, biashara wala siasa. Siku ukiwa na baraza au shughuli nyingine, tutapisha ukituarifu Ijumaa. Tutaokota takataka kabla ya kuondoka.

Kabla ya kuanza nitampima presha kila mtu. Atakayezidi kiwango salama hatafanya mazoezi, ataelekezwa kituo cha afya.

Nitapita ofisini Jumanne asubuhi kupokea jibu lako.

Wako mwaminifu,

Nakala: Afisa wa afya ya jamii, msimamizi wa kituo cha afya"

Chini yake nilitia sahihi na simu yangu, afisa akatia sahihi yake, kituo kikagonga muhuri. Nilitoa nakala mbili, na ile ya kwangu nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua ya kwanza sikuwa na ushahidi hata kwamba niliipeleka.

Saa moja sikuichagua hivihivi. Mwanzoni nilitaka saa kumi na moja na nusu, watu wawahi kazi. Lakini jua la Nakuru huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na hakuna mama atakayevuka vichochoro vyetu gizani kwa ajili ya kuruka mahali pamoja.

Jumanne nilipofika, chifu aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: nani yuko nyuma yako? Mtaani kwetu watu arobaini wakikusanyika kila wiki, mtu hunusa kampeni. Muhuri wa kituo ulijibu. La pili: mtu akianguka je? Nikamweleza kwamba mtu akipima 180 kwa 110 au zaidi, anaketi dakika tano, napima tena, na ikibaki hapohapo siku hiyo hafanyi kitu, anaenda kituoni. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu haanzi kabisa. Akaandika "Imekubaliwa" pembeni mwa barua, akanirudishia. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni niliyopanga.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kakamega, soma barua yako upya ukiwa kama chifu. Je, uwanja huo ni wake kuutoa? Anaweza kukubali bila kukuuliza swali la pili? Sisi watu wa afya tuna ugonjwa wa kuhubiri, tunadhani kiongozi akielewa presha atatupa uwanja. Presha anaielewa, labda anayo. Anachoogopa ni kelele, siasa na mtu kuanguka mbele ya ofisi yake. Yajibu hayo. Na majina ya wagonjwa yabaki kwenye daftari lako. Narudia: yabaki kwenye daftari lako.

Usiahidi makubwa pia. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Yetu ya Jumamosi ni arobaini na tano. Pale nawafundisha kutembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, wakamalizie dakika zilizobaki nyumbani siku nyingine. Na dawa hakuna anayeziacha kwa sababu yangu.

Tuko wiki ya saba. Jumamosi iliyopita walikuja thelathini na wanane, wanaume wanne, na karani wa ofisi ameshaanza kusimama mstari wa nyuma akijifanya anatazama tu. Jirani yangu hajaja. Hupita ng'ambo ya barabara na kikapu chake akielekea sokoni, saa ileile tunapoinua mikono, na hageuzi shingo.